Kadi ya kiungo kwenye WhatsApp: kichwa, picha na maelezo hutoka wapi, na kwa nini kosa hubaki hata ukurasa ukisahihishwa

Mtu anapobandika anwani ya ukurasa wa habari katika kikundi cha WhatsApp, kabla hajabonyeza kutuma, kijisanduku hujitokeza juu ya maandishi yake. Ndani yake mna picha, kichwa cha habari, mstari mmoja au miwili ya maelezo, na jina la tovuti. Kijisanduku hicho tutakiita kadi ya kiungo. Kwa wengi waliomo katika kikundi, kadi ndiyo habari nzima. Bando ni ghali, mtandao una wakati wake wa kukatika, na anayesoma akiwa njiani au dukani hutazama kichwa na picha, akaamini, akaendelea na shughuli zake.

Makala haya yanaeleza kadi hiyo hutengenezwa na nani, hutengenezwa lini, na kwa kutumia nini. Anayeendesha ukurasa wa habari, wa shule, wa chama cha ushirika au wa duka atajua mahali pa kutazama kadi inapotoka ikiwa na kasoro. Naye anayepokea kadi kwenye simu yake atajua ni sehemu gani ya kadi inayoweza kuaminiwa na ni ipi isiyotosha.

Mfano tutakaoufuata

Tuchukue habari moja ya kubuni, ingawa kila kosa lililomo hutokea katika vyumba vya habari vya kweli. Mamlaka za pande mbili za mpaka zimekubaliana kwamba ng'ombe waliokuwa wamezuiliwa kwa ajili ya chanjo waruhusiwe kuvuka kesho. Taarifa rasmi inasema kazi itaanza 08:00, na madaktari wa mifugo wataondoka 12:00. Mfasiri aliyechoka anaandika kichwa hiki: "Ng'ombe kuvushwa mpakani kesho kuanzia saa 8".

Msomaji wa Kiswahili anaelewa mara moja kilichoharibika. Saa 8 kwa hesabu yetu ni saa nane mchana, yaani 14:00. Mfugaji atakayeifuata atafika mpakani saa mbili baada ya madaktari kuondoka, na mifugo yake itabaki upande huu. Kichwa sahihi kilipaswa kusema saa 2 asubuhi.

Baada ya dakika 20 mhariri analiona kosa na kulisahihisha. Ukurasa sasa uko sawa. Hata hivyo, katika vikundi vya wafugaji kadi zinaendelea kusema saa 8. Ili kujua kwa nini, inabidi tuanzie pale kadi inapozaliwa.

Maneno yasiyoonekana kwenye ukurasa

Ukurasa wa tovuti una sehemu mbili kuu. Moja ni mwili, ambao msomaji huuona. Nyingine ni kichwa cha msimbo, ambacho msomaji hakioni lakini programu hukisoma. Ndani ya kichwa hicho cha msimbo huwekwa mistari midogo inayoitwa lebo za meta, na kadi ya kiungo hujengwa kwa lebo hizo.

Lebo zinazotumiwa zaidi leo zinafuata utaratibu unaoitwa Open Graph, uliotangazwa na kampuni ya Facebook mwaka 2010. Kabla ya hapo kila mtandao ulikuwa ukikisia wenyewe: ulichukua picha ya kwanza uliyoiona kwenye ukurasa, hata kama ilikuwa tangazo la biashara, na aya ya kwanza, hata kama ilikuwa orodha ya menyu. Open Graph ilimpa mwenye ukurasa nafasi ya kusema waziwazi: hiki ndicho kichwa, hii ndiyo picha, haya ndiyo maelezo. Utaratibu huo hautumiwi na Facebook peke yake. WhatsApp, Telegram, Signal, LinkedIn, Slack na nyinginezo nyingi huusoma. Mtandao wa X una lebo zake zinazoanza na neno `twitter:`, lakini usipozikuta nyingi kati ya hizo huchukua zile za Open Graph.

Kwa habari yetu ya ng'ombe, baada ya kusahihishwa, lebo zingekuwa hivi:

```html
<meta property="og:title" content="Ng'ombe kuvushwa mpakani kesho kuanzia saa 2 asubuhi">
<meta property="og:description" content="Madaktari wa mifugo watakuwepo hadi saa 6 mchana.">
<meta property="og:image" content="https://redio.example/picha/ngombe.jpg">
<meta property="og:url" content="https://redio.example/sw/ngombe-mpakani">
<meta property="og:type" content="article">
```

Mstari wa kwanza ni kichwa cha kadi, wa pili ni maelezo, wa tatu ni anwani ya picha. Wa nne ni anwani rasmi ya ukurasa, ambayo ina kazi yake tutakayoiona baadaye. Wa tano unasema kwamba ukurasa huu ni makala. Tovuti nyingi hazilazimu mwandishi kuiandika mistari hii kwa mkono, kwani mfumo wa kuchapishia huijaza wenyewe kutoka kwenye visanduku vya kichwa, muhtasari na picha kuu. Ndiyo maana mwandishi anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kujua kwamba ipo, mpaka siku itakapoharibika.

Nani anayetengeneza kadi

Hapa ndipo penye jibu la swali letu. Programu za mawasiliano hazifanani katika jambo hili.

Kwenye WhatsApp, kadi hutengenezwa na simu ya mtumaji. Mara tu anwani inapobandikwa katika nafasi ya kuandikia, simu hiyo huutembelea ukurasa kimyakimya, husoma lebo, hupakua picha na kuifanya ndogo, kisha hufunga kila kitu pamoja na ujumbe. Mpokeaji anapoufungua ujumbe, simu yake haiendi kwenye tovuti. Inaonyesha tu kile ilicholetewa. iMessage na Signal hufanya vivyo hivyo.

Njia hii inalinda usiri wa mpokeaji, kwa sababu tovuti haipati habari za simu yake mpaka yeye mwenyewe aamue kukibonyeza kiungo. Lakini ina matokeo mengine: kadi ni picha iliyopigwa mara moja. Inafanana na gazeti lililokwisha kuchapwa na kuuzwa. Mhariri anaweza kubadilisha toleo la kesho, lakini nakala iliyomo mkononi mwa msomaji haibadiliki. Aliyetuma kiungo cha ng'ombe katika dakika ya 5 alituma kadi yenye saa 8, na kila aliyeusambaza ujumbe wake kwa wengine aliisambaza kadi hiyohiyo. Aliyebandika anwani hiyo upya katika dakika ya 40 alipata kadi yenye saa 2 asubuhi. Kadi mbili zinazopingana, za ukurasa mmoja, zinaweza kukaa katika kikundi kimoja, na wanakikundi wakabishana kila mmoja akiwa na ushahidi.

Facebook hufanya kwa njia nyingine. Kadi hutengenezwa na seva za kampuni. Mtu wa kwanza anapokiweka kiungo, seva huutembelea ukurasa, huchukua lebo na picha, na kuhifadhi nakala. Wa pili, wa mia na wa elfu hupewa nakala hiyo iliyohifadhiwa, bila seva kurudi kwenye tovuti kila mara. Kwa hiyo kosa lililonaswa katika dakika ya 5 linaweza kuendelea kutolewa hata kwa mtu anayeweka kiungo siku ya pili, ingawa ukurasa ulisahihishwa zamani. Telegram nayo, katika mazungumzo ya kawaida, hutumia seva zake na kuhifadhi nakala.

Tofauti hii ndiyo inayoamua dawa. Penye nakala katika seva, seva inaweza kuambiwa ichukue upya. Penye kadi iliyokwisha kutumwa kutoka simu hadi simu, hakuna mlango wa kubisha.

Kuondoa nakala ya zamani

Kwa Facebook kuna ukurasa wa ukaguzi unaoitwa Sharing Debugger, ambao mtu mwenye akaunti huufungua katika kivinjari:

```
https://developers.facebook.com/tools/debug/
```

Mhariri hubandika anwani ya habari, kisha huonyeshwa kadi kama seva inavyoikumbuka, pamoja na wakati ilipochukuliwa mara ya mwisho. Kitufe chenye maneno `Scrape Again` huiamuru seva irudi kwenye ukurasa na kuchukua lebo upya. Baada ya hapo, wanaokiweka kiungo hupata kadi mpya. Machapisho yaliyokwisha kuwekwa kabla ya hapo si lazima yabadilike, kwa hiyo kila chapisho la kituo lenyewe linapaswa kutazamwa kwa macho. Kwa Telegram, anwani hutumwa kwa roboti rasmi iitwayo `@WebpageBot`, nayo huiburudisha kadi.

Kwa WhatsApp hakuna kitufe kama hicho. Simu ya mtumaji huenda ikaikumbuka kwa muda kadi iliyoitengeneza punde tu, na hapo wengi huongeza herufi chache mwishoni mwa anwani ili simu iione kuwa anwani mpya:

```
https://redio.example/sw/ngombe-mpakani?v=2
```

Ukurasa unaofunguka ni uleule, lakini simu hulazimika kuusoma upya. Kwenye Facebook hila hii mara nyingi haifui dafu. Seva zake husoma lebo ya `og:url`, zikaona kwamba anwani rasmi ni ile ya mwanzo, zikarudi kuifuata hiyo. Hiyo ndiyo kazi ya mstari wa nne tuliouona: huunganisha anwani zote za ukurasa mmoja kuwa kitu kimoja.

Kadi zilizokwisha kuingia katika vikundi hazifuatiki. Aliyetuma anaweza kuufuta ujumbe wake kwa wote maadamu muda ulioruhusiwa haujapita, lakini hawezi kuufuta uliosambazwa na wengine. Kwa hiyo chumba cha habari kilichokosea saa hakitoshelezwi na kusahihisha ukurasa. Njia inayofika ni kutuma ujumbe mpya, na kichwa cha ukurasa kionyeshe marekebisho yenyewe: "Marekebisho: Ng'ombe kuvushwa mpakani saa 2 asubuhi, si saa 8". Kadi hiyo mpya itasafiri njia ileile iliyopitwa na ile ya kwanza, na mfugaji atakayeziona zote mbili atajua ipi inaifuta nyingine. Kichwa kilichorekebishwa kimyakimya hakimpi msaada huo.

Kichwa kinapokatika kwenye "Ng"

Sasa turudi nyuma kidogo, kabla ya kosa la saa. Lipo kosa jingine linaloujua Kiswahili kwa jina. Mhariri anabandika kiungo na kadi inatoka na kichwa cha herufi mbili tu: "Ng". Ukurasa wenyewe hauna kasoro. Kichwa kimeandikwa kamili. Sababu ni ile alama ya ritifaa katika neno ng'ombe.

Katika lebo, maneno huwekwa kati ya alama mbili za kufungua na kufunga. Mfumo wa tovuti ukitumia alama moja moja badala ya mbili mbili, lebo huwa hivi:

```html
<meta property='og:title' content='Ng'ombe kuvushwa mpakani kesho'>
```

Programu inayosoma hufungua kwenye alama ya kwanza, na ikifika kwenye ritifaa ya ng'ombe hudhani maneno yameisha. Yaliyobaki huyatupa. Habari yoyote yenye ng'ombe, ng'ambo, ung'amuzi au kung'oa itakatika mahali hapo, na habari nyingine zote zitatoka salama. Ndiyo maana kasoro hii hukaa muda mrefu bila kugunduliwa: fundi aliyeijenga tovuti kwa lugha isiyotumia ritifaa hiyo hakuikuta alipoijaribu.

Kosa hilo lina ndugu yake. Mfumo ukitumia alama mbili mbili, ritifaa haidhuru, lakini kichwa chenye nukuu ndani yake hukatika pale nukuu inapoanza. Dawa ya yote mawili ni mfumo kubadilisha alama hizo kuwa msimbo wake kabla ya kuziweka kwenye lebo: ritifaa huwa `&#039;` na alama ya nukuu huwa `&quot;`. Programu inayosoma huzigeuza tena kuwa alama za kawaida. Lakini zikigeuzwa mara mbili, moja na mfumo na nyingine na kiongezi kilichowekwa juu yake, msomaji hukuta kadi imeandikwa `Ng&#039;ombe`. Anayeiona kadi ya namna hiyo amweleze fundi maneno haya tu: alama inageuzwa mara mbili, ondoa mara moja. Itampunguzia siku nzima ya kutafuta.

Picha isiyotokea

Kasoro inayolalamikiwa zaidi ni kadi isiyo na picha, na mara nyingi chanzo chake ni kimoja kati ya vinne.

Cha kwanza ni anwani ya picha iliyoandikwa nusu. Kivinjari kikiona `/picha/ngombe.jpg` hujaza chenyewe jina la tovuti kwa sababu tayari kimo ndani yake. Anayesoma lebo tu asitegemewe kufanya hivyo. Anwani ya picha iandikwe yote, kuanzia `https://`.

Cha pili ni uzito. Facebook inashauri picha ya pikseli 1200 kwa 630, yaani upana unaokaribia mara mbili ya kimo. Kwa WhatsApp, mwongozo wa kampuni ya Meta unataka faili isizidi kilobaiti 600. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ya mwandishi huwa na megabaiti kadhaa. Ikiwekwa hivyo hivyo, kadi ya Facebook inaweza kutoka na picha wakati ile ya WhatsApp inatoka tupu, na watu wakabaki wakilaumu simu. Picha ipunguzwe hadi pikseli 1200 kwa 630 na kuhifadhiwa kama JPEG, na kwa kawaida itashuka chini ya kiwango hicho bila macho kuona tofauti. Iwapo WhatsApp itaonyesha kadi ndogo, picha hukatwa kuwa mraba, kwa hiyo jambo kuu liwe katikati. Ng'ombe aliyesimama pembeni atakatwa kichwa.

Cha tatu ni haraka ya mtumaji. Simu inahitaji sekunde kadhaa kuutembelea ukurasa na kupakua picha. Penye mtandao dhaifu, anayebandika na kutuma papo hapo hutuma anwani tupu. Akisubiri mpaka kadi ijitokeze ndipo abonyeze, wote watakaoipokea wataiona. Kwenye Facebook hali kama hiyo humpata mtu wa kwanza kukiweka kiungo, kwa kuwa seva haijamaliza kuishughulikia picha. Ukubwa wa picha ukitajwa katika lebo za `og:image:width` na `og:image:height`, au anwani ikipitishwa kwanza katika Sharing Debugger, tatizo hilo huondoka.

Cha nne ni ulinzi wa tovuti. Seva nyingi huwekewa mlinzi anayezuia programu zisizotambulika, ili zisiilemee. Mlinzi huyo akiwa mkali kupita kiasi huwazuia pia wasomaji wa kadi. Msomaji wa kawaida anaufungua ukurasa bila taabu, lakini kadi haipati kichwa wala picha.

Maelezo yaliyotoka katika lugha nyingine

Vituo vingi vya utangangazaji vya umma katika nchi ambazo Kiswahili si lugha ya wengi vina tovuti moja yenye lugha kadhaa. Mfumo huandaliwa kwa lugha kuu, na maelezo ya tovuti nzima huandikwa mara moja kwa lugha hiyo. Mwandishi wa Kiswahili asipojaza kisanduku cha muhtasari, mfumo huchukua maelezo hayo ya jumla. Matokeo yake ni kadi yenye kichwa cha Kiswahili, maelezo ya Kifaransa au Kiingereza, na picha ya nembo ya kituo. Msikilizaji anayeipokea hudhani makala yote yako katika lugha hiyo, na hafungui.

Dawa ni ndogo: muhtasari uandikwe kwa kila habari, na maneno yanayobeba uzito yatangulie. Simu nyingi huonyesha mstari mmoja au miwili tu kisha hukata. Katika habari yetu, "Madaktari wa mifugo watakuwepo hadi saa 6 mchana" hufika salama. Lakini "Katika hatua inayolenga kuimarisha ushirikiano wa muda mrefu baina ya mamlaka husika za nchi jirani" hukatika kabla mfugaji hajaambiwa lolote. Kichwa nacho kisitanguliwe na jina la kituo na majina ya kurasa. Jina la tovuti limekwisha kuwekwa kwenye kadi.

Kuona kile simu inachokiona

Kosa moja hudanganya hata mafundi. Katika tovuti za kisasa, ukurasa hufika ukiwa karibu mtupu, kisha programu ya JavaScript ndani ya kivinjari huujaza. Mtu akitazama kwa kivinjari huona lebo zote zipo. Wasomaji wa kadi wa WhatsApp na Facebook hawaisubiri JavaScript. Huuchukua ukurasa kama ulivyotoka kwenye seva. Lebo zilizowekwa baadaye kwao hazipo, na kila habari hutoka na kadi moja ileile ya ukurasa wa mbele.

Njia ya kupambanua ni kuuchukua ukurasa bila kivinjari. Kwenye kompyuta, amri hii huuomba ukurasa ikijitambulisha kama WhatsApp, kisha huonyesha mistari yenye lebo tu:

```
curl -s -A "WhatsApp/2.0" https://redio.example/sw/ngombe-mpakani | grep "og:"
```

Zikitoka lebo sahihi, tatizo liko kwenye nakala ya zamani au kwenye picha. Kisipotoka chochote, ama lebo huwekwa na JavaScript, ama mlinzi wa seva anazuia. Rudia amri bila sehemu ya `-A "WhatsApp/2.0"`. Lebo zikitokea safari hii, mlinzi ndiye anayezuia. Zisipotokea tena, kuna uwezekano mkubwa kwamba zinawekwa na JavaScript, na fundi aambiwe aziweke kwenye ukurasa kabla haujatoka kwenye seva.

Asiye na kompyuta ana njia nyepesi zaidi: kubandika kiungo katika mazungumzo na nafsi yake mwenyewe kwenye WhatsApp, na kuisoma kadi kabla ya mtu mwingine yeyote kuipata. Ni hatua ya nusu dakika. Katika mfano wetu, ingetosha kuonyesha "Ng", ingeonyesha nembo badala ya picha, na saa 8 ingesimama peke yake mbele ya macho, nje ya aya zilizomchosha mfasiri.

Kadi si ushahidi

Limebaki jambo linalomhusu anayepokea. Kichwa, picha na maelezo ya kadi huandikwa na mwenye ukurasa, na hakuna anayemzuia kuandika atakalo. Tovuti ya utapeli inaweza kuweka kwenye lebo zake picha ya nembo ya kituo kinachoheshimika na kichwa kinachofanana na vichwa vyake. Hapo zamani mtumiaji wa Facebook aliweza hata kubadilisha kichwa na picha ya kiungo kisicho chake kabla ya kukiweka. Kampuni iliuondoa uwezo huo mwaka 2017, kwa sababu ulitumiwa kuvisha habari za uongo mavazi ya vyombo vya kweli. Kwenye WhatsApp, kwa kuwa kadi hutoka katika simu ya mtumaji, mwenye programu iliyochezewa anaweza kutuma kadi isiyolingana na ukurasa hata kidogo.

Kwa hiyo kinachotazamwa ni anwani yenyewe iliyoandikwa katika ujumbe, hasa sehemu iliyo kati ya `https://` na mkwaju wa kwanza unaofuata. Isomwe kuanzia mwisho wake. Katika `redio.example`, mwenye tovuti ni huyo. Katika `redio.example.zawadi.example`, mwenye tovuti ni `zawadi.example`, na jina la redio limetangulizwa ili kumvuta msomaji.

Na penye saa, tarehe au mahali pa kwenda, kadi haitoshi hata ikiwa ya kweli, kwa sababu huenda ilitengenezwa kabla ya marekebisho. Mfugaji anayepanga safari ya usiku kuelekea mpakani abonyeze kiungo na kuusoma ukurasa kama ulivyo sasa. Kadi inamwambia ukurasa ulivyokuwa wakati mwenzake alipoubandika, basi.